Kukagua kapu la uwekezaji kila robo mwaka bila kuyumbishwa na vichwa vya habari

Ukaguzi wa robo mwaka huharibika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Huharibika pale mwekezaji anapofungua habari za soko kabla hajafungua taarifa za akaunti yake mwenyewe. Akishasoma kwamba soko "limeporomoka" au "limevunja rekodi", kila tarakimu anayokutana nayo baadaye huisoma kwa hofu au kwa tamaa aliyokwisha kuingia nayo, na swali analojiuliza halihusu tena kapu lake bali linahusu dunia nzima. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu umejengwa juu ya mpangilio mmoja ambao haupaswi kugeuzwa: kwanza mpango ulioandikwa, kisha tarakimu za akaunti, na mwisho kabisa habari.

Kapu la uwekezaji, ambalo wengine huliita potifolio, ni jumla ya vyote ambavyo mtu amewekeza kwa lengo moja: hisa, hatifungani, vipande vya mifuko ya pamoja, na fedha iliyowekwa kwa muda mfupi. Ukaguzi wa robo mwaka una maswali mawili tu. Je, kapu bado lina uwiano ule niliouchagua? Na je, sababu iliyonifanya nikinunue kila kilichomo bado ipo? Swali la tatu, yaani soko litaelekea wapi miezi mitatu ijayo, halina jibu ambalo mwekezaji wa kawaida anaweza kulitegemea, na ni afadhali liachwe nje ya chumba.

Kwa nini robo mwaka, na kwa nini si kila siku

Kampuni nyingi zilizoorodheshwa sokoni, pamoja na mifuko mingi ya uwekezaji, hutoa taarifa kila baada ya miezi mitatu au sita. Anayekagua kila robo mwaka ana uwezekano mzuri wa kukuta taarifa mpya zenye uzito, ilhali anayekagua kila siku hukuta bei tu. Bei ya hisa za jumla hushuka karibu siku moja kati ya mbili, hata katika mwaka ambao unamalizika kwa faida nzuri. Utafiti wa saikolojia ya maamuzi, hasa ule wa Daniel Kahneman na Amos Tversky, ulionyesha kwamba hasara humuuma mtu takriban mara mbili ya jinsi faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha. Kwa hiyo anayetazama kila siku hujilimbikizia maumivu mengi kutokana na mwendo ule ule wa soko ambao anayetazama mara nne kwa mwaka huuona kuwa wa kawaida.

Maumivu hayo huwa na gharama pale yanapogeuka miamala. Mwaka 2000 Brad Barber na Terrance Odean walichapisha uchambuzi wa kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja kati ya mwaka 1991 na 1996. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Pengo hilo lilitokana kwa kiasi kikubwa na gharama za kununua na kuuza, wala hapakuhitajika bahati mbaya ya kuchagua kampuni mbovu.

Tarehe ya ukaguzi iwekwe kwenye kalenda mwanzoni mwa mwaka, na isiwe siku ya mwisho ya robo. Taarifa nyingi huchelewa kwa wiki tatu hadi sita, na anayekagua kabla hazijatoka hulazimika kujaza pengo kwa habari za magazeti. Napendekeza pia iwe siku ambayo soko limefungwa, kwa sababu ndogo lakini yenye manufaa makubwa: siku hiyo hakuna kitufe cha kuuza kinachofanya kazi papo hapo.

Hatua ya kwanza: ukurasa mmoja wa mpango

Asiye na mpango ulioandikwa hana cha kukagua, kwa kuwa hana cha kulinganishia. Ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe wakati soko limetulia, na uwe na mambo manne: fedha hizi zinahitajika lini na kwa ajili gani, uwiano unaolengwa wa kila kundi, mipaka ambayo uwiano ukiivuka ndipo hatua ichukuliwe, na, kwa kila kampuni moja moja iliyonunuliwa, sentensi mbili zinazoeleza kwa nini ilinunuliwa na ni tukio gani litakaloifanya iuzwe.

Mipaka ndiyo inayosahaulika zaidi. Kanuni inayotumiwa na wengi ni hii: kundi kubwa, kwa mfano lenye asilimia 60 ya kapu, liruhusiwe kupotoka kwa pointi 5 za asilimia kwenda juu au chini, yaani kati ya 55 na 65. Kundi dogo lipewe robo ya ukubwa wake wenyewe, hivyo lenye lengo la asilimia 10 liruhusiwe kuwa kati ya 7.5 na 12.5. Tarakimu hizi hazitokani na sheria yoyote ya maumbile, na mwenye gharama kubwa za muamala anaweza kuzipanua. La msingi ni kwamba ziwekwe kabla ya robo kuanza na zisiguswe siku ya ukaguzi.

Ile sentensi ya "tukio litakalonifanya niuze" nayo iandikwe kwa maneno yanayoweza kuthibitishwa. "Nitauza ikianza kufanya vibaya" haisaidii kitu. "Nitauza iwapo fedha inayotokana na shughuli zake haitatosha kulipa gawio kwa miaka miwili mfululizo" inaweza kukaguliwa kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya pili: tarakimu, kwa mfano uliofanyiwa hesabu

Tuchukue kapu lenye thamani ya 1,000,000 mwanzoni mwa robo, kwa fedha yoyote ambayo msomaji anaitumia. Lengo lake ni asilimia 60 katika hisa, 30 katika hatifungani na 10 katika akiba ya muda mfupi, kwa hiyo linaanza na 600,000, 300,000 na 100,000. Katika robo hiyo hisa zinashuka kwa asilimia 20, hatifungani zinapanda kwa asilimia 2 pamoja na riba yake, na akiba inapata asilimia 1. Katikati ya robo mwekezaji anaongeza mchango wake wa kawaida wa 30,000, ambao unakaa kwenye akiba ukisubiri kupangiwa kazi. Riba ndogo ya mchango huo tunaiacha ili hesabu ibaki nyepesi.

Mwisho wa robo hisa zina thamani ya 480,000, hatifungani 306,000 na akiba 131,000. Jumla ni 917,000. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, na hutokea kimya kimya. Ukilinganisha 917,000 na 1,000,000 utaona upungufu wa asilimia 8.3, lakini 30,000 kati ya hizo 917,000 haikuzalishwa na kapu. Imetoka mfukoni mwa mwenyewe. Mchango umeificha sehemu ya hasara. Katika robo nzuri mambo hugeuka, na mchango huonekana kama ustadi wa kuwekeza. Njia rahisi ya kuutenganisha ni hii, ikichukuliwa kwamba mchango uliingia karibu na katikati ya robo:

```
(mwisho - mwanzo - mchango) / (mwanzo + mchango / 2)
(917000 - 1000000 - 30000) / (1000000 + 15000) = -0.111
```

Kapu limepoteza asilimia 11.1, wala si 8.3. Kama fedha ilitolewa badala ya kuongezwa, mchango uandikwe kwa alama ya kutoa. Mwenye michango mingi ya tarehe tofauti atahitaji hesabu inayoupa kila mchango uzito wa siku zake, lakini kwa mchango mmoja au miwili kosa la njia hii ni dogo mno kubadili uamuzi.

Kisha uwiano. Hisa ni 480,000 kati ya 917,000, yaani asilimia 52.3, na mpaka wa chini ulikuwa 55: zimevuka. Hatifungani ni asilimia 33.4, na mpaka wa juu ni 35: hazijavuka. Akiba ni asilimia 14.3 dhidi ya mpaka wa 12.5: imevuka. Tarakimu hizi tatu ziandikwe kwenye ukurasa wa robo hii kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu ndizo zitakazosema baadaye kama kuna kazi ya kufanya au hakuna.

Inafaa kutambua kwamba ukubwa wa hasara na ukubwa wa kupotoka ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2022 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilishuka kwa takriban asilimia 18 na hatifungani za nchi hiyo kwa takriban asilimia 13, gawio na riba vikiwa vimeshahesabiwa. Aliyeanza mwaka na 60 kwa 40 aliumaliza akiwa amepoteza karibu asilimia 16, lakini hisa zake zilikuwa bado karibu asilimia 58.6 ya kapu. Habari za mwaka ule zilikuwa za kutisha kweli kweli, na ukurasa wa mpango wenye mipaka ya kawaida haukudai hatua yoyote. Kwa watu wengi huo ndio ukaguzi mgumu kuliko wote: ule unaoisha kwa neno "hakuna", huku kila mtu akizungumza.

Hatua ya tatu: kulinganisha na kipimo cha haki

Hasara ya asilimia 11.1 haina maana hadi ilinganishwe na kitu kinachofanana nayo. Mwekezaji mwenye kapu la 60, 30 na 10 akijilinganisha na fahirisi ya hisa peke yake, atajiona hodari soko linaposhuka na mzembe linapopanda, na katika hali zote mbili atakuwa amejidanganya. Kipimo cha haki hutengenezwa kwa uwiano ule ule. Tuseme fahirisi ya hisa ilishuka kwa asilimia 19, ya hatifungani ikapanda kwa 2.2, na riba ya akiba ilikuwa 1. Asilimia 60 ya hasara ya 19 ni 11.4, asilimia 30 ya 2.2 ni 0.66, asilimia 10 ya 1 ni 0.1. Jumla yake ni hasara ya takriban asilimia 10.6.

Tofauti ni nusu pointi. Kwa robo moja, nusu pointi haiambii mtu chochote kuhusu ubora wa alichochagua. Inaweza kutokana na ada, na mchango uliokaa kwenye akiba, au na kampuni moja iliyokuwa na miezi mitatu mibaya. Tofauti hiyo iandikwe tu na kusubiriwa. Ikijirudia upande ule ule kwa robo nane, yaani miaka miwili, hapo pana sababu ya kuanza kuichimba, na mahali pa kwanza pa kuchimba ni ada, kwa kuwa ada ndiyo hujirudia kila robo bila kubahatisha.

Hatua ya nne: sasa habari

Baada ya tarakimu kuandikwa ndipo habari zipewe nafasi. Njia ninayoiamini kuliko zote ni daftari la vichwa vya habari. Katika miezi mitatu, kila kichwa cha habari kinachomshtua mwekezaji kiasi cha kutaka kuuza au kununua huandikwa mstari mmoja: tarehe, kilichosemwa, na alichotaka kufanya. Hafanyi chochote, anaandika tu. Siku ya ukaguzi mistari hiyo husomwa yote kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilipoanza kufanya hivyo nilifadhaishwa na jambo moja: mistari mingi sikuikumbuka hata kuiandika, na miwili iliyofuatana kwa siku nne ilinitaka nifanye mambo yanayopingana.

Mistari inayobaki ina uzito hupitishwa kwenye maswali matatu. Je, habari hii inabadili fedha ambayo kitu nilichonacho kitaingiza au kulipa? Je, inabadili tarehe au kiasi ambacho mimi nitakihitaji? Je, inagusa tukio nililoliandika kwenye ukurasa wa mpango kuwa ndilo litakalonifanya niuze? Habari inayojibiwa "hapana" mara tatu haina kazi kwenye ukaguzi huu, hata kama ni kweli na hata kama ni kubwa. Na yafaa kukumbuka kwamba habari iliyokwisha kuchapishwa imesomwa pia na wale wanaonunua na kuuza kila dakika, hivyo bei ya leo kwa kawaida imeshaibeba.

Kuna mitego miwili ya vichwa vya habari inayostahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa huwanasa hata watu waangalifu.

Wa kwanza ni pointi za fahirisi. "Soko lapoteza pointi 500 kwa siku moja" ni sentensi isiyo na maana hadi tujue fahirisi ilikuwa wapi. Ikiwa ilikuwa 40,000, hiyo ni asilimia 1.25, siku mbaya ya kawaida. Ikiwa ilikuwa 5,000, ni asilimia 10. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones ya Marekani ilipoteza pointi 508, ambazo wakati ule zilikuwa asilimia 22.6 ya thamani yake. Kiasi hicho hicho cha pointi leo hakingemwamsha mtu usingizini. Kila pointi igeuzwe kuwa asilimia kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye daftari.

Wa pili ni faida ya kampuni inayolinganishwa na robo isiyolingana nayo. Tuseme kichwa cha habari kinasema faida ya kampuni fulani "imeanguka kwa asilimia 40", na mwekezaji ana hisa zake. Anafungua taarifa yenyewe na kukuta kwamba faida ya robo hii ni milioni 30, na ya robo kama hii mwaka jana ilikuwa milioni 50. Hesabu ya mwandishi ni sahihi. Lakini katika maelezo ya taarifa ya mwaka jana kuna milioni 20 zilizotokana na kuuza jengo. Ukiziondoa, biashara yenyewe ilipata milioni 30 mwaka jana na milioni 30 mwaka huu. Haikuanguka, bali imesimama palepale, na kusimama palepale ni jambo la kutafakari kwa utulivu lisilohitaji mtu kukimbilia mlangoni.

Kinyume chake pia hutokea, na ni hatari zaidi kwa sababu huja kwa furaha: faida "imeongezeka maradufu" kwa kuwa jengo limeuzwa mwaka huu. Ndiyo maana, kwa kila kampuni moja moja iliyomo kwenye kapu, naona inafaa kusoma sehemu mbili za taarifa hata kama muda ni mfupi. Ya kwanza ni mtiririko wa fedha kutokana na shughuli za kampuni, kwa kuwa faida inayopanda robo baada ya robo bila fedha kuingia ni dalili ya wateja wasiolipa au ya hesabu zilizopambwa. Ya pili ni maelezo kuhusu madeni: kiasi gani kinaiva katika miezi 12 ijayo, na kama kampuni ina fedha ya kukilipa. Ikumbukwe pia kwamba taarifa za robo kwa kawaida hazijafanyiwa ukaguzi kamili wa nje kama zile za mwaka, kwa hiyo tarakimu yake moja isibebeshwe uamuzi mzito.

Hatua ya tano: uamuzi, ukianza na wa gharama ndogo

Turudi kwenye kapu letu. Hisa zimepungua hadi asilimia 52.3 na akiba imezidi. Kurejesha uwiano kamili kungehitaji hisa za 550,200, yaani kununua za 70,200, ambazo zingetoka kwenye ziada ya akiba, 39,300, na kwenye hatifungani zitakazouzwa za 30,900. Lakini mpango haukudai uwiano kamili. Ulidai kurudi ndani ya mipaka. Ikitumika ile ziada ya akiba peke yake, hisa zinafika 519,300, ambazo ni asilimia 56.6, na akiba inarudi kwenye 10. Hatifungani hazijavuka mpaka, kwa hiyo zinabaki. Muamala mmoja wa kununua unatosha, hakuna kilichouzwa, na hakuna kodi ya faida inayoweza kudaiwa kwa kuuza.

Huo ndio utaratibu wa jumla: kwanza michango mipya, kisha gawio na riba zilizoingia, na kuuza kuwe njia ya mwisho. Kabla ya kutekeleza, uamuzi uandikwe kwa sentensi mbili pamoja na sababu yake, halafu zipite siku mbili. Sababu ikiwa ni "uwiano umevuka mpaka" au "tukio nililoliandika limetokea", inabaki imara baada ya siku hizo. Sababu ikiwa na maneno kama "inaonekana" au "wote wanasema", mara nyingi mwandishi wake huifuta mwenyewe.

Kununua hisa baada ya kushuka kwa asilimia 20 kunahitaji moyo, na mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 2020. Fahirisi ya S&P 500 ya Marekani ilishuka kwa karibu asilimia 34 kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi, na ilipofika tarehe 18 Agosti ilikuwa imefunga juu ya kilele chake cha awali. Aliyefuata mipaka yake mwanzoni mwa Aprili alinunua wakati habari zilikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Hata hivyo, sioni sawa kuutumia mfano huo kama ahadi. Fahirisi ya Nikkei 225 ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989 na haikukivuka tena hadi Februari 2024, zaidi ya miaka 34 baadaye. Kurejesha uwiano hakutegemei imani kwamba soko litapona upesi. Kunategemea jambo la kawaida zaidi: kwamba asilimia 60 ilichaguliwa kwa kuzingatia muda wa mwekezaji na uwezo wake wa kuvumilia, na mambo hayo mawili hayabadiliki kwa sababu bei imebadilika. Kwa mwenye fedha anayoihitaji ndani ya miaka miwili, asilimia 60 ilikuwa kubwa tangu mwanzo, na kosa hilo lirekebishwe kwenye ukurasa wa mpango katika robo iliyotulia.

Mambo yasiyosubiri robo mwaka

Kuna matukio machache ambayo kuyasubirisha hadi siku ya ukaguzi ni uzembe. La kwanza ni usalama wa akaunti: muamala usioufahamu, au ujumbe wa kubadili nywila ambao hukuuomba. La pili ni tarehe ya mwisho inayowekwa na kampuni yenyewe, kwa mfano inapowapa wanahisa wake fursa ya kununua hisa mpya kwa bei ya chini, au mfuko unapotangaza kufungwa. Hapo kukaa kimya ni uamuzi, na huenda ukawa wa hasara. La tatu ni mabadiliko katika maisha ya mwekezaji, kama kupoteza ajira au kupata jukumu jipya la kumtunza mtu, kwa kuwa hayo hubadili lini fedha itahitajika. La nne ni dalili za udanganyifu ndani ya kampuni: mkaguzi wa hesabu kujiuzulu ghafla, taarifa za miaka iliyopita kuandikwa upya, au taarifa kucheleweshwa bila maelezo. Kati ya haya yote, hakuna hata moja linalohusu bei kushuka.

Orodha fupi ya ukaguzi

- Ukurasa wa mpango umesomwa kabla ya habari yoyote.
- Thamani ya mwanzo, ya mwisho na michango ya robo imeandikwa, na faida au hasara imehesabiwa bila michango.
- Asilimia ya kila kundi imelinganishwa na mipaka yake.
- Matokeo yamelinganishwa na kipimo chenye uwiano ule ule, na tofauti imeongezwa kwenye rekodi ya robo zilizopita.
- Ada zilizokatwa zimetafutwa kwenye taarifa na kuandikwa kwa tarakimu.
- Kwa kila kampuni moja moja: fedha kutokana na shughuli, madeni ya miezi 12, na tukio la kuuza vimekaguliwa.
- Daftari la vichwa vya habari limesomwa, na kila mstari umepitishwa kwenye maswali matatu.
- Uamuzi, hata kama ni "hakuna", umeandikwa pamoja na sababu. Kama kuna muamala, siku mbili zimepita.
- Tarehe ya ukaguzi ujao imewekwa.